Mpaka wa Ufanisi na Mstari wa Mgawanyo wa Mtaji: Namna ya Kusoma Mchoro Baada ya Kuongeza Dhamana Isiyo na Hatari

Mchoro unaozungumziwa hapa una mhimili wa chini unaoonyesha hatari na mhimili wa wima unaoonyesha faida inayotarajiwa. Mwekezaji anapokuwa na vitegauchumi vyenye hatari tu, tuseme hisa na hatifungani za muda mrefu, michanganyiko yote anayoweza kuiunda huchora tao lililobinukia kushoto, na sehemu ya juu ya tao hilo ndiyo inayoitwa mpaka wa ufanisi. Hayo yalionyeshwa na Harry Markowitz mwaka 1952. Kwenye tao peke yake hakuna mseto mmoja ulio bora kuliko mingine yote, kwa sababu kila nukta ya mpaka huo inafaa kwa mtu fulani, kulingana na kiasi cha hatari anachoweza kukivumilia.

Mambo hubadilika kabisa pale kinapoingia kitegauchumi kimoja kisicho na hatari. Mwaka 1958 James Tobin alionyesha kwamba, kitegauchumi hicho kikiwepo, nukta moja tu ya tao ndiyo inayobaki na kazi, na kwamba uvumilivu wa mwekezaji hauamui tena ni hisa ngapi ziwekwe kando ya hatifungani ngapi, bali huamua ni sehemu gani ya fedha zote iende kwenye mseto huo mmoja na ni sehemu gani ibaki mahali salama. Mwongozo huu unafuata hesabu moja ya mwekezaji wa Uganda mwenye shilingi milioni 20 na muda wa mwaka mmoja, tangu kutafuta riba ya kuanzia hadi kugawa fedha zenyewe. Viwango vya faida na hatari vinavyotumika ni vya mfano, vimechaguliwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na msomaji ataweka vyake.

Hatua ya kwanza: kuipata riba isiyo na hatari, baada ya kodi

Kwa mwekezaji anayehesabu kwa shilingi ya Uganda, kitegauchumi kinachokaribia kutokuwa na hatari ni dhamana ya muda mfupi ya Serikali, inayouzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Uganda na ambayo wengi mjini huiita trezari bili. Dhamana hizo ni za siku 91, 182 na 364, na mtu anaweza kuanza kwa shilingi 100,000. Jambo la kuamua ni kwamba ukosefu wa hatari haumo ndani ya dhamana yenyewe, bali umo katika kulingana kwa muda wake na muda wa mwekezaji. Mwekezaji wetu atazihitaji fedha baada ya mwaka, kwa hiyo dhamana yake ni ya siku 364. Akinunua ya siku 91 na kuirudia mara nne, hajui minada mitatu inayofuata itatoa riba gani, na hapo ameshaiingiza hatari mahali alipodhani ameiondoa. Vivyo hivyo, mwagizaji wa bidhaa anayedaiwa kwa dola hawezi kuihesabu dhamana ya shilingi kuwa haina hatari, hata ingawa Serikali italipa kila senti iliyoahidi.

Dhamana hii hununuliwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake ya mwisho, na tofauti hiyo ndiyo riba. Tuchukue dhamana ya shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka. Bei yake ni 1,000,000 kugawanywa kwa 1 + 0.125 × 364/365, yaani karibu shilingi 889,160. Riba ni shilingi 110,840, na humo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20, ambayo ni shilingi 22,168. Mwekezaji anabaki na shilingi 88,672 juu ya 889,160 alizotoa, sawa na asilimia 9.97. Tutaandika asilimia 10.

Hii ndiyo tarakimu nyeti kuliko zote katika mchoro, na ndiyo inayokosewa zaidi, kwa kuwa matangazo ya mnada hutoa riba kabla ya kodi. Hatifungani za miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10 tu, na gawio la kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Uganda, linapolipwa kwa mtu binafsi mkazi, nalo hukatwa asilimia 10. Kwa kuwa viwango vya kodi havilingani, haiwezekani kuviacha vyote kabla ya kodi kwa kudhani kwamba mpangilio utabaki uleule. Kila kinachoingia mchoroni kiingie kikiwa kimeshakatwa.

Hatua ya pili: kulichora tao la vitegauchumi vyenye hatari

Mwekezaji wetu ana vitegauchumi viwili vyenye hatari. Cha kwanza ni kapu la hisa za Kampala, ambalo faida yake inayotarajiwa kwa mwaka ni asilimia 19 na hatari yake ni asilimia 20. Cha pili ni hatifungani za miaka 15, ambazo baada ya kodi zinatarajiwa kumpa asilimia 13 kwa hatari ya asilimia 10. Hatari hapa ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi faida ya mwaka mmoja inavyoweza kupotoka mbali na wastani wake. Kiwango cha uhusiano kati ya viwili hivyo tunakikadiria kuwa 0.25: huelekea upande mmoja, kwa kuwa kupanda kwa riba huviumiza vyote viwili, lakini si kwa kufuatana sana.

Msomaji anaweza kushangaa kuona hatifungani ya Serikali ikihesabiwa kuwa na hatari ilhali dhamana ya Serikali hiyohiyo haihesabiwi. Sababu ni muda. Baada ya mwaka mmoja hatifungani hii itakuwa bado na miaka 14 mbele yake, na mwekezaji atalazimika kuiuza kwa bei ya siku hiyo. Riba zikiwa zimepanda, bei itakuwa imeshuka. Anayekusudia kuishikilia miaka yote 15 anayo hesabu nyingine, na mchoro mwingine.

Katika lahajedwali, seli G1 na G2 ziwe na faida ya hisa na ya hatifungani, G3 na G4 hatari zake, G5 kiwango cha uhusiano, na G6 riba isiyo na hatari. Safu ya A ibebe sehemu ya hisa, kuanzia 0 hadi 1. Kisha katika B2, C2 na D2 ziandikwe fomula hizi na kuteremshwa chini:

```
=A2*$G$1+(1-A2)*$G$2
=SQRT(A2^2*$G$3^2+(1-A2)^2*$G$4^2+2*A2*(1-A2)*$G$5*$G$3*$G$4)
=(B2-$G$6)/C2
```

Matokeo ya safu chache ni haya, faida na hatari zikiwa kwa asilimia:

| Sehemu ya hisa | Faida | Hatari | Mwinuko |
|---|---|---|---|
| 0 | 13.00 | 10.00 | 0.300 |
| 12.5% | 13.75 | 9.68 | 0.387 |
| 25% | 14.50 | 10.00 | 0.450 |
| 50% | 16.00 | 12.25 | 0.490 |
| 75% | 17.50 | 15.81 | 0.474 |
| 100% | 19.00 | 20.00 | 0.450 |

Kwanza zisomwe safu za faida na hatari peke yake. Mseto wenye hisa asilimia 12.5 ndio wenye hatari ndogo kuliko yote, na hapo ndipo pembe ya kushoto kabisa ya tao ilipo. Mseto wa hatifungani tupu una hatari ya asilimia 10 na faida ya 13, ilhali wenye hisa robo una hatari ileile ya 10 na faida ya 14.5. Kwa hiyo hatifungani tupu haimo kwenye mpaka wa ufanisi, na mtu anayeshikilia hatifungani tupu kwa hoja ya kwamba anaogopa hatari anajinyima asilimia moja na nusu kwa mwaka bila kupunguza hatari hata kidogo. Mpaka wenyewe unaanzia kwenye pembe na kupanda hadi kwenye hisa tupu.

Hatua ya tatu: kuuzungusha mstari hadi uguse tao

Sasa dhamana ya siku 364 iwekwe kwenye mchoro. Hatari yake ni sifuri, kwa hiyo inakaa juu ya mhimili wa wima wenyewe, kwenye asilimia 10. Mchanganyiko wowote wa dhamana hiyo na mseto wowote wenye hatari hutoa mstari ulionyooka, wala si tao. Ukiweka nusu ya fedha kwenye mseto wenye hatari ya asilimia 12, hatari ya fedha zote inakuwa 6 kamili, na ziada ya faida juu ya dhamana nayo inakuwa nusu kamili, kwa sababu dhamana haina mtikisiko wowote wa kuchangamana na ule wa mseto. Hatari na ziada hupungua kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana mstari haupindi.

Kila nukta ya tao, basi, ina mstari wake unaoiunganisha na ile asilimia 10 ya mhimilini, na kila mstari wa namna hiyo ni mstari wa mgawanyo wa mtaji. Kinachoitofautisha mistari hiyo ni mwinuko wake, yaani ziada ya faida juu ya dhamana ikigawanywa kwa hatari, na huo ndio safu ya nne ya jedwali. Kipimo hiki wengi wanakijua kwa jina la William Sharpe, aliyekipendekeza mwaka 1966. Mstari wenye mwinuko mkubwa uko juu ya mingine kwa kila kiwango cha hatari, hivyo mwekezaji hana sababu ya kuuchagua ulio chini yake, awe mwoga au jasiri. Ukiuzungusha mstari kuelekea juu ukiwa umeushikilia kwenye asilimia 10, utafika mahali unapoligusa tao kwa nukta moja tu. Ukiupandisha zaidi ya hapo hauna tena kitu cha kukigusa.

Katika jedwali letu mguso uko kwenye nusu kwa nusu, ambapo mwinuko ni 0.490. Nusu hizo zimetokana na tarakimu za mfano huu, wala hakuna kanuni yoyote inayodai usawa. Anayetaka kuupata mguso bila jedwali achukue ziada mbili, ambazo ni 9 kwa hisa na 3 kwa hatifungani, pamoja na vipeo vya pili vya hatari, ambavyo ni 400 na 100, na zao la hatari zote mbili na kiwango cha uhusiano, 20 × 10 × 0.25, ambalo ni 50. Uzito wa hisa ni 9 × 100 − 3 × 50, yaani 750. Uzito wa hatifungani ni 3 × 400 − 9 × 50, yaani 750 pia. Kila uzito ugawanywe kwa jumla ya yote mawili.

Kuna jambo moja kwenye mchoro linalowachanganya wasomaji wengi, nalo ni ule mpaka wa zamani. Tao bado limechorwa, na macho huendelea kulifuata, lakini isipokuwa kwenye nukta ya mguso limeshapitwa. Kwa hatari ya asilimia 10 tao linatoa 14.5, na mstari unatoa 10 + 0.49 × 10, yaani 14.9. Kwa hatari ya asilimia 6 tao halina chochote, ilhali mstari unatoa karibu 12.9. Mseto wenye hatari ndogo kuliko yote, ambao kabla ya hapo ulikuwa kimbilio la mwekezaji mwoga, sasa hauna mteja, kwa kuwa mwoga anapata kilicho bora kwa kuchukua kipande kidogo cha mseto wa mguso na kuacha kinachobaki kwenye dhamana.

Hatua ya nne: kuchagua mahali pa kusimama juu ya mstari

Uvumilivu wa mwekezaji unaingia hapa kwa mara ya kwanza. Vitabu humtaka ajipe namba ya woga wake, na kwa maoni yangu hakuna mtu nje ya darasa anayeijua namba hiyo. Ni afadhali aanze na swali analoweza kulijibu: katika mwaka mbaya, niko tayari fedha zangu zishuke hadi wapi? Mwekezaji wetu anategemea shilingi hizi milioni 20 kwa ada za watoto, na jibu lake ni kwamba mwaka ukiwa mbaya hataki kupungukiwa na mtaji.

Tuuite mbaya mwaka ambao faida imeshuka mikengeuko miwili chini ya wastani. Kama faida zinatawanyika kwa mpangilio wa kawaida wa kitakwimu, huo ni mwaka mmoja kati ya takriban 44. Sehemu y ya fedha ikiwa kwenye mseto wa mguso, faida inayotarajiwa ni 10 + 6y na hatari ni 12.25y. Sharti lake ni kwamba 10 + 6y − 24.5y isiwe chini ya sifuri, na kutokana nalo y haiwezi kuzidi 10/18.5, yaani 0.54.

Kwa hiyo asilimia 54 ya fedha, shilingi milioni 10.8, inaingia kwenye mseto wa mguso: milioni 5.4 kwenye hisa na milioni 5.4 kwenye hatifungani. Milioni 9.2 zinazobaki zinanunua dhamana za siku 364. Faida inayotarajiwa ni asilimia 13.24, sawa na shilingi milioni 2.65 kwa mwaka, kwa hatari ya asilimia 6.6.

Inafaa kulinganisha na yale ambayo watu wengi hufanya, yaani kuchanganya dhamana na kitu kimoja tu. Anayechukua dhamana na hatifungani peke yake, akaivumilia hatari ileile ya 6.6, ataweka asilimia 66 kwenye hatifungani na kutarajia asilimia 11.98. Anayechukua dhamana na hisa peke yake ataweka asilimia 33 kwenye hisa na kutarajia 12.98. Tofauti ya huyu wa hisa na mwekezaji wetu ni karibu shilingi 52,000 tu kwa mwaka, na ada za dalali zinaweza kuila yote. Wa hatifungani ndiye anayepoteza kwa kweli, shilingi zipatazo 250,000 kila mwaka kwa hatari isiyopungua.

Jirani yake asiyeogopa kushuka kwa asilimia 8 au 9 katika mwaka mbaya angeweka y kuwa 1 na kusimama kwenye mguso wenyewe. Wote wawili wana hisa na hatifungani kwa uwiano uleule. Mshauri anayempa mwoga hatifungani nyingi zaidi na jasiri hisa nyingi zaidi, kisha akasema anafuata mstari huu, bado anatembea juu ya tao.

Kupita mguso: mstari unapovunjika

Michoro ya vitabuni huendeleza mstari moja kwa moja hadi upande wa kulia wa mguso, kwa dhana kwamba mwekezaji anaweza kukopa kwa riba ileile anayolipwa na Serikali. Hakuna benki wala Sacco inayomkopesha mtu binafsi hivyo. Tuseme mkopo wa shilingi unapatikana kwa asilimia 18. Mwekezaji mwenye milioni 20 akikopa milioni 5 na kuweka milioni 25 zote kwenye mguso, faida anayotarajia juu ya fedha zake mwenyewe ni 1.25 × 16 − 0.25 × 18, yaani asilimia 15.5, na hatari imepanda hadi 15.3. Amepata pungufu ya ile 16 ya mguso usio na mkopo, kwa hatari kubwa zaidi.

Hivyo upande wa kulia usomwe kwa namna nyingine. Mstari unaishia kwenye mguso, na anayetaka kupita hapo anarudi kulifuata tao: anapunguza hatifungani na kuongeza hisa, akipata kwa mfano 17.5 kwa hatari ya 15.8 pale penye hisa robo tatu. Laiti angekuwa na mkopo wa asilimia 11.5, mstari wa pili ungeanzia kwenye 11.5 ya mhimili wa wima na kuligusa tao pale pale kwenye hisa robo tatu, kisha ungeendelea kulia. Mpaka kamili ungekuwa na vipande vitatu: mstari wa wakopeshaji, kipande cha tao kati ya miguso miwili, na mstari wa wakopaji. Kwa riba ya 18 mstari wa tatu unaanzia kwenye hisa tupu ukiwa na mwinuko wa 0.05, na sioni wa kumfaa.

Dalili za mchoro uliokosewa

Dalili ya kwanza ni safu ya mwinuko inayopanda hadi mwisho wa jedwali bila kushuka. Mwekezaji wetu akisahau kodi na kuandika 12.5 kwenye G6 badala ya 10, huku hatifungani ikiwa imeshakatwa, ziada ya hatifungani inabaki nusu asilimia, na lahajedwali litamwambia aweke fedha zote kwenye hisa. Programu inayoruhusu kuuza usichokuwa nacho itamwambia akope na kuuza hatifungani kwa robo ya mtaji wake, jambo ambalo mwekezaji wa kawaida hapa hana njia ya kulifanya. Kwa tarakimu zetu, riba isiyo na hatari ikipita takriban 12.1 hatifungani hutoweka kwenye mguso. Mtu akiona kitegauchumi chenye faida njema kimefutwa kabisa, akague kodi kwanza kabla ya kuamini.

Dalili ya pili haionekani kwenye mchoro bali kwenye data iliyouzaa. Hisa kadhaa za Kampala hupita siku nyingi bila kuuzwa, na bei inayoandikwa mwisho wa mwezi huwa ni ya biashara iliyofanyika zamani. Bei isiyosogea hufanya hatari ionekane ndogo na uhusiano na vitu vingine uonekane hafifu, na yote mawili huupandisha mwinuko wa hisa isivyo haki. Namna ya kugundua ni kukokotoa hatari ya mwaka kwa njia mbili: faida za kila mwezi, mkengeuko wake ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani karibu 3.46, na faida za kila robo mwaka, mkengeuko wake ukizidishwa kwa 2. Bei zikiwa hai, majibu mawili yatakaribiana. La robo mwaka likiwa kubwa waziwazi, bei za mwezi zilikuwa zimelala, na litumike la robo mwaka. Tatizo kama hilo limo katika mfuko wa pamoja unaokadiria hatifungani zake kwa gharama ya ununuzi badala ya bei ya soko: mstari wake wa thamani hupanda kwa ulaini wa ajabu, na ulaini huo ni wa vitabu vya hesabu.

Faida inayotarajiwa ya hisa ndiyo ngumu zaidi kukadiria. MTN Uganda iliorodheshwa Desemba 2021 na Airtel Uganda Novemba 2023, kwa hiyo kumbukumbu ya bei zake ni fupi. Kampuni ya Umeme ina kumbukumbu ndefu, lakini mkataba wake wa kusambaza umeme ulimalizika Machi 2025, na faida za miaka ya nyuma hazisemi lolote kuhusu mbele. Kwa sababu hiyo inafaa kujaribu tarakimu kadhaa. Hisa zikitarajiwa kutoa 17 badala ya 19, mguso unahamia kwenye hisa asilimia 39. Zikitarajiwa kutoa 21, unahamia kwenye 59. Uzito umeyumba sana kwa kosa dogo. Hata hivyo mwinuko haukuyumba: kama ukweli ni 17 na mwekezaji amebaki kwenye nusu kwa nusu, mwinuko wake ni 0.408, na uliokuwa bora ni 0.413. Karibu na kilele chake safu ya mwinuko ni tambarare, hivyo hakuna haja ya kuuza na kununua kila makadirio yanapobadilika kidogo, hasa ukikumbuka malipo ya dalali.

Riba ya mnada inapobadilika

Mchoro huchorwa upya dhamana zinapokomaa na riba mpya ikajulikana, na hapa ipo namna moja ya kukosea ambayo lahajedwali huirahisisha mno. Tuseme riba halisi baada ya kodi imepanda kutoka 10 hadi 11.5. Mwekezaji akibadilisha G6 peke yake, mguso unaruka hadi hisa asilimia 75 na hatifungani 25, na anaona ni lazima auze nusu ya hatifungani zake. Lakini riba za muda mfupi zikipanda kiasi hicho, ni nadra hatifungani za muda mrefu kubaki palepale. Bei zake hushuka, na anayezinunua au kuzishikilia kuanzia siku hiyo anatarajia zaidi ya ile 13 ya awali. Zikifika 14.5 baada ya kodi, ziada yake inarudi kuwa 3, na hisa zikibaki kwenye 19 ziada yao imepungua hadi 7.5. Uzito wa hisa sasa ni 7.5 × 100 − 3 × 50, yaani 600, na wa hatifungani ni 3 × 400 − 7.5 × 50, yaani 825. Mguso uko kwenye hisa asilimia 42, na mwekezaji aliyekuwa karibu kuuza hatifungani anaona kwamba, kama kuna cha kufanya, ni kuziongeza kidogo. Kwa hiyo siku G6 inapobadilishwa, G2 nayo isomwe upya kutoka kwenye bei za hatifungani za siku hiyohiyo, na G1 iulizwe kama bado inasimama.